Jiwe la Miguuni

Mama yangu ana miaka ishirini na sita kaburini, na bado kila usiku anakuja kunichoma miguu.

Huanzia kwenye vidole. Kwanza ni mchonyoto, kama siafu wanaopanda bila haraka, halafu moto unawaka kwenye nyayo na kupanda hadi kwenye vifundo. Shuka likinigusa kidole gumba, naona kama nimepigwa msasa. Basi natoa miguu nje ya blanketi na kuiacha ining'inie kwenye baridi ya Oldeani, ambayo mwezi wa saba haina adabu hata kwa wazee. Ukiishika kwa mkono ni ya baridi kabisa, na ndani inaungua.

"Umefika, Ayo," namwambia. Ndivyo tunavyowaita mama zetu sisi Wairaqw. Hajibu. Hata alipokuwa hai hakuwa mtu wa kujibu haraka.

Naitwa Germana. Nilichuma kahawa kwenye shamba la Wazungu hapa juu tangu nikiwa msichana, nikazaa, nikazika mume, na kisukari nimeishi nacho mwaka wa kumi na tisa huu. Nachoma sindano ya jioni mwenyewe, sihitaji mtu. Ila miguu siwezi kuikagua peke yangu, maana goti langu moja halikunji na macho yamechoka. Kazi hiyo ni ya Selestina, mke wa mwanangu Inosenti. Ametokea Buger, ana mikono mikubwa na maneno machache, na mwanzoni nilikuwa namwonea haya. Mkwe kushika nyayo zako asubuhi, kabla hata hujanywa chai, si jambo dogo. Sasa tumezoeana. Nakaa mlangoni penye mwanga, anapiga magoti, anaangalia juu ya mguu, chini, kisigino, anafungua vidole kimoja kimoja. Ana kioo kidogo cha kunionyesha na mimi, kwa sababu nilikataa kuambiwa tu habari za miguu yangu. Anaosha kwa maji aliyoyapima kwa kiwiko chake, anakausha katikati ya vidole, anapaka mafuta kwenye nyayo lakini si katikati ya vidole. Halafu anakung'uta viatu vyangu na kuingiza mkono ndani. Mwaka jana alitoa msumari. Nilikuwa nimetembea nao hadi kanisani na kurudi, nikaimba na kwaya juu yake.

Siku ile ya msumari ndipo nilipomwamini Nafisa, muuguzi wa kliniki ya kisukari kule Karatu. Alikuwa ameshanieleza nikambishia. Alinifumbisha macho, akanigusa nyayo kwa uzi mgumu wa plastiki, akaniambia niseme "ndiyo" kila nikiusikia. Nilingoja sana. Nikamwambia aanze basi, mbona ananipotezea muda. Akasema, "Nimeshamaliza, bibi. Nimekugusa mara kumi."

"Miguu inayowaka usiku kucha inawezaje kuwa haisikii?" nilimuuliza kwa hasira.

"Sukari imeharibu mishipa ya fahamu, bibi. Ni kama mlinzi aliyelewa. Usiku anapiga kelele za mwizi na hakuna mwizi. Mwizi akija kweli, yeye amelala. Kwa hiyo usimwamini mlinzi. Tumia macho." Akanihesabia makatazo: nisitembee peku hata ndani, nisiote moto kwa miguu, nisiweke kitu cha moto kitandani. Akanipa na vidonge vya kumeza usiku, kimoja kimoja, vya kutuliza ule moto. Alisema vinaweza kunisinzisha na kunikausha mdomo, nisivikatae kwa hilo.

Makatazo niliyashika yote. Vidonge sikumeza hata kimoja. Nilikuwa navitia kwenye kopo la majani ya chai chini ya kitanda, na kliniki nikiulizwa nasema nameza. Sikuwa nasahau. Nilikuwa najua moto ule unatoka wapi, na niliona si haki kuuzima.

Ninachosema sasa sikuwahi kumwambia mtu, hata padri.

Mwaka tisini na nane mama yangu, Martha, alikuwa na miguu hii hii. Alikuwa akilia usiku kwamba inapikwa. Wakati huo hatukujua habari za sukari. Tulimwona anakunywa maji mengi tukasema ni joto la uzee. Nilikuja kumuuguza mwezi wa saba. Usiku mmoja nikamkuta amelala, miguu iko nje ya blanketi, ya baridi kama ya maiti. Niliogopa. Kwetu kila nyumba ilikuwa na jiwe la mtoni, laini, saizi ya mkate, linalokaa kando ya mafiga. Baridi ikizidi unalipasha, unalifunga kwenye kanga, unamwekea mgonjwa au mtoto miguuni. Nililelewa na jiwe hilo. Nikalipasha, nikalifunga, nikaliegemeza kwenye nyayo za mama yangu, nikamfunika. Alfajiri nikalitoa, nikaliacha sakafuni kando ya kitanda.

Akaamka anacheka. "Germana, leo nimelala!" Kwa mara ya kwanza tangu nije, nilimwona ana uso wa binadamu.

Siku ya nne soksi ikagandia kwenye mguu. Tulipoivua, nyama ya kisigino ilikuja nayo. Hakulia, hakusikia kitu. Kaka yangu Emilian akauliza kwa ukali ni nini kimemchoma. Mimi nilikuwa nimesimama na beseni mkononi, ulimi umekufa. Mama akasema kwa sauti yake ile ya polepole: "Ni baba yenu. Alikuja usiku akanishika mguu."

Basi likawa jambo la marehemu. Emilian akachinja kondoo, wazee wakaja, pombe ikamwagwa kaburini, baba akaombwa amwachie mkewe. Siku ishirini zikaenda hivyo. Tulipompeleka hospitali mguu ulikuwa mweusi hadi katikati ya muundi. Daktari aliuliza, "Kidonda kimeanzaje?" Emilian akanitazama mimi. Nikasema sijui. Wakamkata mguu, na siku ya sita akafa.

Siku tuliyoondoa vitu vyake nilifagia chini ya kitanda, na ufagio ukagonga kitu. Lilikuwa lile jiwe. Lilikuwa limefungwa kwenye kitambaa chake cha kichwa, kile cha kanisani, limesukumwa hadi ukutani. Nikaelewa kwamba alijua. Alilijua jiwe, akamjua aliyeliweka, akalihifadhi liwe shahidi juu yangu. Nililitupa korongoni usiku, na tangu hapo sijatupa kitu kingine maishani kilichonirudia kama kile.

Kwa hiyo miguu yangu ilipoanza kuwaka, sikushangaa. Nilisema, haya, amekuja kudai.

Sasa nije kwenye usiku wa mwezi wa saba uliopita. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka msituni tangu alasiri, hata mwanga wa jirani hauonekani. Moto ulikuja mapema, saa nne, na ulikuja na visu. Niliuma blanketi. Nilisikia Selestina akigeuka chumba cha pili, na Inosenti akimwambia alale, maana asubuhi ana wageni wa kupeleka kreta kutazama wanyama. Inosenti ni dereva wa watalii. Ananipenda kwa makelele. Tangu nipate ule msumari alikuwa amemwambia mkewe mbele yangu: "Mama akipata kidonda tena ndani ya nyumba hii, mimi na wewe tutaelewana." Selestina aliinama tu, akaendelea kupepeta mahindi.

Karibu saa tisa nilichoka hata kuumia. Sijui nililalaje. Ninachokumbuka ni kwamba Ayo alikuja akakaa mwisho wa kitanda, na kwa mara ya kwanza sikuona moto. Aliweka mkono wake miguuni pangu. Ulikuwa mzito, na mimi nikazama kwenye usingizi ambao sikuupata miaka mitatu.

Niliamka kumekucha. Miguu kimya. Nilisikiliza kama mtu anayesikiliza mvua ilipokatika. Kimya! Nikalia, jamani, nikalia kwa furaha. Nilijua nimesamehewa. Mama amenishika miguu, ameondoka, deni limekwisha.

Selestina akaingia na beseni na kioo chake.

"Peleka hiyo," nikamwambia. "Leo hakuna kukagua. Nipe viatu vyangu vya kanisani. Leo naenda kuomba misa ya shukrani."

"Mama, Nafisa alisema kila siku."

"Nafisa hajalala chumba hiki. Mimi nimepona, mwanangu. Sijasikia moto tangu usiku wa manane. Mama yangu alikuja akanigusa."

Alinitazama, halafu uso wake mpana ukafunguka kwa haya na furaha. Ni nadra kumwona akitabasamu na meno.

"Si bibi, Mama," alisema. "Ni mimi. Saa tisa nilikuta miguu yako nje, ya baridi mno. Nikakumbuka makatazo, lakini nikasema nitafunga mara mbili, na kwetu Buger ndivyo tulivyomfanyia babu. Nilikuwekea jiwe. Nimelitoa nilipoenda kukamua."

Akainama upande wa ukutani, akaniokotea ili nione. Jiwe la mtoni, laini, saizi ya mkate, ndani ya kanga yake ya bluu.

Sitasahau jinsi chumba kilivyokuwa. Nilikuwa nimekaa kitandani na miguu yangu mbele yangu, na sikutaka kuwa mwenye miguu ile. Sikusikia maumivu popote, na hilo ndilo lililonitisha.

"Angalia," nikasema.

Alipiga magoti. Mguu wa kulia, juu, hamna kitu. Vidole, hamna kitu. Akauinua, akaweka kioo chini ya kisigino, kwanza nikaona dirisha, paa, dirisha. Nikamshika kiganja nikakielekeza. Lengelenge lilikuwa limekaa kwenye kisigino changu, pana kama kiganja cha mtoto, limejaa maji ya njano, na ukingoni ngozi ilikuwa nyeupe. Kanga, tulipoikunjua, ilikuwa na alama ya kahawia upande mmoja.

"Mama," alisema Selestina. Alikuwa na umri niliokuwa nao mimi mwaka ule wa mama, au karibu. Alikaa sakafuni akajishika kichwa, na machozi yakamshuka bila sauti, maana mumewe alikuwa uani akipasha gari moto. Halafu akaniangalia kwa macho ambayo niliyajua, kwa sababu nimeyabeba miaka ishirini na sita. "Ataniua. Mama, tuseme ni chai. Tuseme ilimwagika."

Tukasikia mlango. "Mama! Mbona kimya, umeamkaje?" Inosenti akatokea na funguo mkononi, amevaa koti lake la kazi. Aliona kioo, akamwona mkewe sakafuni, akaona kisigino.

"Nini hii? Nani amemchoma mama?"

Na hapa ndipo lilipotokea jambo. Jiwe lilikuwa sakafuni, kati yangu na Selestina, nusu ndani ya kanga. Mwanangu alikuwa hajaliona. Sikufikiri hata kidogo. Mguu wangu wa kushoto, ule mzima, ulinyooka wenyewe na kulisukuma chini ya kitanda, polepole, hadi nikasikia limegonga ukuta. Na kinywa changu kikafunguka kusema, "Ni bibi yako. Alikuja usiku akanishika mguu."

Nusu ya maneno yalitoka. "Ni bibi yako," nilisema, kisha nikanyamaza.

Kwa sababu nilikuwa nimeusikia ule mgongano wa jiwe na ukuta. Nilijua sasa nani alilisukuma lile la kwanza, na kwa nini. Mama hakuwa ameweka ushahidi. Alikuwa na mguu unaooza, Emilian anafoka, binti amesimama na beseni ulimi umekufa, na yeye akachukua kitambaa chake cha kanisani akanifichia kosa langu. Akamsingizia marehemu mumewe, ambaye hawezi kuumia. Alinificha vizuri hata mimi mwenyewe sikujiona. Na kwa kunificha akafa, kwa sababu hakuna aliyekwenda hospitali kutibu mkono wa marehemu.

Ee Ayo. Miaka yote nilidhani unanidai.

"Bibi amefanyaje?" Inosenti aliuliza, na nikaona jinsi alivyokuwa tayari kuamini. Alishalainika sura. Alikuwa karibu kuniuliza kama tumwite mtu. Ingekuwa rahisi sana.

"Ingiza mkono chini ya kitanda," nikamwambia. "Utoe jiwe."

Selestina alitoa sauti ndogo. Nikamwekea mkono kichwani, nikauacha pale.

"Ni jiwe la moto," nikasema. "Mkeo aliniwekea kwa sababu miguu yangu ilikuwa ya baridi na mimi nilikuwa nalia. Ukimgusa utanigusa mimi kwanza. Bibi yako Martha hakuuawa na babu. Aliuawa na jiwe kama hilo, na aliyeliweka ni mimi, na daktari aliponiuliza nilisema sijui. Sasa wapigie wageni wako watafutiwe dereva mwingine, unipeleke Karatu. Wala usinibishie hapo mlangoni, mguu haungoji."

Hakunibishia. Alikaa na jiwe mapajani kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake, halafu akatoka kupiga simu.

Selestina alitaka kupaka asali. Nikamkataza, nikakataza na majivu na dawa ya meno, na kulitoboa lengelenge. Tukafunika kwa kitambaa safi kilichopigwa pasi. Sikukanyaga chini, Inosenti alinibeba hadi kwenye gari la watalii, nikakaa kiti cha wageni chini ya paa lile la kufunguka. Ile barabara ya Oldeani unaijua. Kila shimo niliinua kisigino kwa mikono miwili.

Nafisa aliuangalia mguu muda mrefu. Akatafuta mapigo ya damu juu ya mguu kwa vidole, akayapata, na hapo ndipo nilipomwona akivuta pumzi. Akapima sukari: kumi na sita, juu mno. Akauliza, kama yule daktari wa zamani alivyouliza, "Kimeanzaje?"

"Jiwe la moto, saa tisa usiku hadi saa kumi na moja alfajiri," nikasema. "Na vidonge vya usiku sijameza hata kimoja. Viko kwenye kopo, limejaa."

Alinitazama juu ya barakoa. "Mficha maradhi, bibi."

"Najua. Kifo humuumbua. Nimeshaona."

Alisema ningekuja siku ya nne au ya tano angekuwa anazungumza habari nyingine. Walinisafisha, wakafunga, wakanichoma sindano ya pepopunda, wakanipa magongo na amri ya kutokanyaga kisigino kile, nirudi baada ya siku mbili, na baadaye kila siku mbili. Vidonge nianze upya na kimoja, nisijaribu kulipia vilivyopita kwa mkupuo. Hakuahidi kitu. Alisema kidonda cha mguu wa kisukari hakiahidiwi, kinaangaliwa. Kisha akamgeukia Selestina, aliyekuwa amesimama mlangoni kama mshtakiwa, akamwambia asogee aonyeshwe jinsi ya kufunga, kwa sababu mikono yake inafaa. Selestina alilia tena, ila alisogea.

Hii ni wiki ya sita. Kisigino kimeziba pembeni, katikati kuna sehemu ya saizi ya kifungo cha shati, nyekundu, bila harufu. Kila asubuhi beseni, kioo, mlangoni. Jiwe Inosenti alitaka kulitupa korongoni. Nikamwambia alirudishe jikoni kando ya mafiga, likae mahali ambapo kila mtu analiona.

Usiku uleule tuliotoka Karatu moto ulirudi, saa saba, kama kawaida yake. Nilikuwa nimemeza kidonge, mdomo umekauka, na bado vidole vikaanza, kisha nyayo, kisha vifundo. Nafisa alishasema dawa inachukua wiki kadhaa. Nilitoa miguu nje ya blanketi. Nilijua ni mishipa tu, mlinzi mlevi anapiga kelele za bure. Lakini mwisho wa kitanda palikuwa na uzito niliouzoea.

Sikumwomba msamaha. Niliona nimeshamwomba wa kutosha, na kumbe hata hakuwa ananidai.

"Ungesema, Ayo," nikamwambia. "Ungesema tu ni jiwe. Mimi ningevumilia."

Chumba cha pili Selestina alikuwa ameamka. Nilimsikia akiweka miguu chini, akisimama, akisita katikati ya nyumba kwenye baridi ile.

"Rudi ulale, mwanangu," nikamwita. "Inawaka, lakini rudi ulale."